Kabla ya kuhesabu alama za darasa: kopi kwanza, kompyuta baadaye

Ukifundisha Bukavu, unajua jinsi wiki ya kusahihisha inavyokwenda: kopi zimerundikana mezani, na prefe anataka wastani wa darasa kesho asubuhi. Kabla hujashika kalkuleta wala kufungua Python, hesabu kopi. Si alama, kopi zenyewe. Andika idadi hiyo juu ya karatasi na uizungushie duara. Nitaeleza kwa nini.

Tuchukue mtihani mmoja wa hisabati, alama juu ya 20. Orodha ya darasa ina majina 12, kopi ni 11, maana mmoja alikuwa mgonjwa. Alama, kwa mpangilio wa kopi, ni hizi: 8, 12,5, 6, 14, 10, 8, 17, 9, 12,5, 10,5, 13,5.

Jambo la kuamua mapema ni huyo mgonjwa. Jumla ya alama ni 121. Ukigawanya kwa 11, wastani ni 11 kamili. Ukimwandikia sifuri na kugawanya kwa 12, wastani unashuka hadi 10,08, na darasa zima linaonekana limepona chupuchupu kwa sababu ya homa ya mtoto mmoja. Kutokuja si sawa na kupata sifuri. Mimi namwacha nje, na pembeni naandika kwamba nimemwacha.

Alama ya kati haipatikani mpaka upange alama upya kutoka ndogo hadi kubwa: 6, 8, 8, 9, 10, 10,5, 12,5, 12,5, 13,5, 14, 17. Zikiwa 11, ya kati ni ya sita, yaani 10,5: watano wako chini yake, watano juu. Kosa la kawaida ni kuchukua ya sita kwenye mpangilio wa kopi, na hapo ungepata 8. Idadi ikiwa shufwa, zinakuwa mbili za kati. Unazijumlisha na kugawanya kwa 2. Modi, yaani alama iliyojirudia zaidi, hapa ni mbili: 8 na 12,5, kila moja mara mbili. Zote mbili ni halali, wala usijilazimishe kuchagua.

Maliza hayo kwa mkono kwanza, ndipo ufungue kompyuta. Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni koma. Sisi tumefundishwa kuandika 12,5, lakini kwa Python koma inatenganisha vitu viwili. Ukiandika 12,5 ndani ya orodha, umempa mwanafunzi mmoja alama mbili, 12 na 5, na mashine haitalalamika hata kidogo. Siku niliyoandika hivyo alama zote nne zenye nusu, nilipata wastani 9,27, alama ya kati 9 na modi 5. Nilizipeleka kwa prefe. Akaangalia karatasi, akauliza: «Mwalimu, hawa waliopata tano ni akina nani?» Hakukuwa na hata mmoja. Zile tano zote zilikuwa nusu za wengine.

Basi andika nukta, na mstari wa kwanza kuchapisha uwe idadi:

```python
from statistics import mean, median, multimode

alama = [8, 12.5, 6, 14, 10, 8,
         17, 9, 12.5, 10.5, 13.5]

print(len(alama))
print(mean(alama))
print(median(alama))
print(multimode(alama))
```

Inatoa `11`, `11.0`, `10.5` na `[8, 12.5]`. Namba ya kwanza ilinganishe na ile uliyoizungushia duara. Siku ile yangu ingetoka 15, na nisingefika ofisini kwa prefe. Kupanga alama si lazima hapa, `median` inazipanga yenyewe.

Nimetumia `multimode` kwa makusudi. Ile `mode` ya kawaida inatoa jibu moja tu, na zikifungana inarudisha iliyotangulia kwenye orodha. Hapa ingesema 8. Geuza orodha, anza na kopi ya chini, itasema 12.5, ingawa alama ni zilezile. `multimode` ilikuja na Python 3.8, kompyuta ikiwa na toleo la zamani zaidi haitaipata, na `mode` yenyewe itakataa kwa `StatisticsError` pale alama mbili zinapofungana. Hilo halinisumbui. Afadhali mashine inayokataa kuliko ile inayonichagulia.

Na kama jibu la mkono na la mashine hayalingani ingawa idadi inalingana, soma alama moja moja kwa sauti, mwenzako akifuata kwenye kopi. Mara nyingi utakuta 17 iliyochapwa 71.