Picha ya kibao cha Kichina imefutwa? Hivi ndivyo unavyokinakili kwa maandishi kitafsirike

Kijana mmoja fundi umeme alirusha kwenye kundi letu picha ya kibao alichokikuta karakana moja ya pale Barabara ya Nyerere, akauliza: "Kaka zangu, hiki kinasemaje?" Kabla hajajibiwa, mwenye karakana akataka picha ifutwe, maana ilionyesha sura za wafanyakazi na mitambo yake. Ana haki hiyo. Picha ikiondolewa kwa ombi la mwenyewe, usihangaike kuifufua kwenye simu ya mtu. Lakini maneno ya kibao bado yako palepale karakana, na mwenye karakana hakukataa yanakiliwe. Nilimwelekeza kijana jinsi ya kuyachukua, na huu ndio utaratibu wenyewe.

1. Nenda na daftari la hesabu

Lile lenye viboksi. Herufi moja, boksi moja, kwa penseli. Herufi ya Kichina, iwe na mistari miwili au kumi na mitano, huchapwa kwenye mraba wa ukubwa uleule, kwa hiyo viboksi vinakuzuia usigawe herufi moja ikawa mbili. Karatasi isiyo na mistari siishauri kabisa. Fuata pia mpangilio wa kibao: wao wakishuka mstari, na wewe shuka.

2. Andika mazingira kabla ya maneno

Wengi huruka hapa, halafu mtafsiri anaanza kuuliza maswali ilhali wewe umesharudi Tabata. Anza na rangi na umbo. Duara jekundu lenye mstari wa kukata ni katazo, pembetatu ya njano ni tahadhari, duara la bluu ni jambo la lazima, kijani ni maelekezo kama njia ya kutokea. Mtafsiri akijua ni duara jekundu, anategemea maneno yaanze na 禁止, yaani "ni marufuku", hata kama herufi hizo zimechakaa.

Kisha andika kibao kiko wapi hasa na kimeshikizwa kwa kitu gani. Cha kijana wetu kilikuwa kimening'inizwa kwa kamba kwenye mkono wa swichi kuu, na mkono wenyewe ulikuwa umeshushwa. Kibao kilichopigwa skrubu ukutani ni sheria ya siku zote, cha kamba kimetundikwa na mtu kwa sababu ya kazi fulani na kitaondolewa kazi ikiisha. Geuza macho uone na upande wa nyuma, bila kukigusa. Kama nyuma ni patupu, andika kwamba ni patupu.

3. Nakili herufi, na hapa usiwe na haraka

Kibao kilikuwa na mistari miwili, kila mmoja herufi nne. Mstari wa kwanza ulikuwa na vumbi la saruji katikati, na kijana akaniletea mstari huu: 禁止, kisha herufi aliyoona juu yake tu, kisha 闸. Akaniambia, "Hiyo ya tatu weka yoyote, si maana inaeleweka?"

Haieleweki. Kwenye vibao vya swichi za umeme kuna maneno mawili yanayokaa mahali hapo hapo. 合闸 ni kuunganisha swichi, yaani kuwasha. 分闸 ni kuitenganisha, yaani kuzima. Kwa hiyo 禁止合闸 ni "usiwashe" na 禁止分闸 ni "usizime", na vyote viwili ni vibao halali. Ukibahatisha herufi moja umegeuza amri nzima.

Sasa zitazame kwa karibu. 合 ina paa juu, mstari mfupi wa kulala chini ya paa, halafu kiboksi. Mikono miwili ya paa inakutana kileleni. 分 nayo ina mikono miwili juu, lakini haikutani: katikati kuna mwanya. Chini yake hakuna kiboksi, kuna umbo la kisu lililo wazi upande wa chini. Kwa hiyo hata vumbi likificha nusu ya chini, kilele kinakupa dokezo: kimefunga au kina mwanya? Ila dokezo si jibu, kwa sababu rangi iliyobanduka nayo huacha mwanya. Tafuta alama ya pili. Kijana alirudi akamulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele, ili maandishi yaliyochapwa kwa kubonyea yatoe kivuli, akaona kona ya kiboksi chini kushoto. Kilele kimefunga na kiboksi kipo: ni 合.

Kama angekosa alama ya pili, angeandika □ mahali pa herufi hiyo na kueleza alichokiona. Herufi iliyobahatishwa huonekana safi kama zile za uhakika, na mtafsiri hana namna ya kuitilia shaka.

Herufi ya nne, 闸, ni mlango wenye kitu ndani. Angalia mti wa katikati wa hicho kilicho ndani: unatokeza chini tu, hautokezi juu. Ukiona ndani kuna umbo jingine, hiyo ni herufi nyingine kabisa, kwa mfano 间 au 闹. Kwenye mstari wa pili, 有人工作, hakikisha 工 haijatoboa juu, maana ikitoboa inakuwa 土.

4. Ziingize kwenye simu

Tumia `Gboard`: `Languages`, `Add keyboard`, chagua Kichina kilichorahisishwa, kisha `Handwriting`. Chora kwa kidole herufi moja moja, na kwenye orodha inayotokea linganisha na daftari kabla ya kugusa. Usikubali ya kwanza kwa sababu tu iko mwanzoni. Usijaribu kumwandikia mtafsiri jinsi unavyodhani inatamkwa, wala maelezo ya aina ya "kama nyumba yenye miguu".

5. Tuma kwa mpangilio huu

```
MAHALI: mkono wa swichi kuu, umeshushwa
KIMESHIKIZWA: kamba
RANGI/UMBO: duara jekundu lenye mkato,
            maandishi meusi, kibao cheupe
MSTARI 1: 禁止合闸
MSTARI 2: 有人工作
SHAKA: herufi ya 3, nusu ya chini ina vumbi;
       kilele kimefunga, kona ya kiboksi inaonekana
NYUMA: patupu
```

Mstari wa SHAKA usiuache wazi. Kama huna shaka, andika "hakuna", ili ijulikane uliangalia.

Tulimpelekea dada mmoja anayetafsiri kwa wafanyabiashara wa Kariakoo. Jibu lake: "Usiwashe swichi, kuna watu wanafanya kazi." Akaongeza kwamba mstari wa pili umemthibitishia ile herufi ya tatu, kwa kuwa swichi iliyozimwa kwa ajili ya mafundi hukatazwa kuwashwa, na mkono ulioshushwa unakubaliana na hilo. Bila maelezo ya mahali na ya mkono wa swichi angebaki na maneno matupu.

Kijana alimpelekea mwenye karakana tafsiri kamili pamoja na maneno ya Kichina yenyewe, akamwambia swichi isiguswe na kibao kisitolewe na mtu yeyote isipokuwa yule aliyekitundika.