Kampuni ya kimataifa au ya mzawa hapa Tabora: pima kiti, usipime jina

Mimi ni mhasibu, na hapa Tabora nimekaa pande zote mbili. Nilianza kwenye tawi la kampuni ya kimataifa inayonunua tumbaku, nikakaa misimu miwili, kisha nikahamia kwa mfanyabiashara wa hapa hapa mjini anayenunua asali. Kila mwaka vijana wanaomaliza vyuo hunijia na swali lile lile: nimepata kote kuwili, niende wapi? Hapa naeleza ninavyowapimia, kwa kutumia kesi ya binti mmoja wa Isevya mwenye stashahada ya uhasibu. Kampuni ya tumbaku ilimpa ukarani wa hesabu kwa mshahara wa shilingi 650,000. Kampuni ya asali, si ile niliyofanyia mimi, ikamwita "mhasibu" kwa 450,000.

Hatua ya 1: Geuza mshahara wa mwezi uwe wa mwaka

Nimeiweka mwanzo kwa sababu ndiyo inayowapofusha wengi, na kuimaliza ni suala la dakika kumi.

Chukua 650,000. Toa asilimia 10 ya NSSF, yaani 65,000, zinabaki 585,000 za kukatwa kodi. Kodi ya mshahara ya kiasi hicho ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 33,000. Mkononi inabaki 552,000. Kwa 450,000, NSSF ni 45,000, zinabaki 405,000, na kodi ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, yaani 10,800. Mkononi ni 394,200. Tofauti ni 157,800 kwa mwezi, na kwa kijana anayepanga chumba Isevya hiyo si hela ndogo.

Sasa soma ukurasa wa pili wa mkataba. Ule wa tumbaku ulikuwa wa msimu, miezi minane. Mara nane, 552,000 inakuwa 4,416,000. Ule wa asali ulikuwa wa mwaka mzima: 394,200 mara kumi na mbili ni 4,730,400. Binti aliposhika kikokotoo mwenyewe alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe kaka, nilikuwa nalinganisha embe na kokwa."

Mkataba ungekuwa wa mwaka mzima kote kuwili, tumbaku ingeshinda kwa pesa, na kwa mbali. Kwa hiyo uliza urefu wa mkataba kabla ya kuuliza mshahara.

Hatua ya 2: Fuata karatasi moja toka mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo unapoona utajifunza nini. Chagua muamala mmoja wa kawaida wa kampuni, uufuate kwenye karatasi, kisha weka alama kila mahali ambapo mkono wako utagusa.

Kwenye tumbaku, muamala ni mtumba mmoja wa tumbaku ya mkulima. Mkulima anakuwa na mkataba kupitia chama chake cha ushirika, AMCOS, anapewa pembejeo kwa mkopo, analeta mtumba ghalani siku ya soko, mtumba unapimwa uzito, mteuzi anaupa daraja, bei inapatikana, deni la pembejeo linakatwa, malipo yanapitia benki. Tumbaku inapakiwa kwenda kiwandani Morogoro, na baada ya hapo wewe wa Tabora huioni tena. Katika mlolongo huo mimi niligusa sehemu moja tu: kulinganisha namba za mitumba kwenye karatasi ya mauzo na zilizoingia kwenye mfumo. Misimu miwili. Bei inaamuliwaje sikujua, na akiba ya mwisho wa mwaka inathaminiwaje sikuwahi kuona.

Wengi hudhani hiyo ni roho mbaya ya wakubwa. Sivyo. Kampuni ya namna hiyo inatenganisha majukumu kwa makusudi: anayeingiza takwimu asiidhinishe, anayeidhinisha asilipe, anayelipa asilinganishe na benki. Ndivyo inavyozuia wizi kwenye maghala yaliyotawanyika kuanzia Urambo hadi Sikonge. Wembamba wa kiti chako ndio ulinzi wao. Na lipo somo humo: ukikaa macho wazi unajifunza udhibiti wa fedha unavyojengwa, kitu ambacho duka la mtu mmoja haliwezi kukuonyesha. Ila somo hilo unalipata ndani ya msimu mmoja. Wa pili ni marudio.

Kwenye asali, muamala ni ndoo. Mfugaji nyuki anapewa advansi, analeta ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa asali ina kilo 28 hivi kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Inapimwa, inachujwa, inafungwa, inauzwa Dar, risiti ya mashine ya EFD inatoka, ritani zinakwenda TRA, benki inalinganishwa, mwaka unafungwa. Yule binti aliweka alama karibu kila mstari. Ningekuwa namshauri kwa hatua hii peke yake, ningemwambia aende kwenye asali bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 3: Uliza nani atakukosoa

Kugusa kila kitu na kujifunza kila kitu ni mambo mawili. Hili nililijua kwa kuumia.

Nilipohamia kampuni ya mzawa niliitwa mhasibu mkuu, ingawa mhasibu nilikuwa peke yangu. Advansi tulizowapa wafugaji nyuki niliziandika kama manunuzi siku hela inapotoka. Asali ilipofika nikaandika manunuzi tena kwa thamani yote. Yaani ndoo moja niliinunua mara mbili kwenye vitabu. Advansi ilipaswa kukaa kama deni tunalomdai mfugaji, kisha ifutwe asali inapoingia. Kwa miezi tisa hakuna aliyeona, maana juu yangu alikuwepo mwenye kampuni tu, naye aliangalia salio la benki, na salio lilikuwa sahihi. Nilikuja kugundua siku ya kuhesabu stoo: vitabu vilisema tuna ndoo nyingi kuliko hata chumba kinavyoweza kubeba. Kule kwenye tumbaku kosa hilo lingerudi kwangu ndani ya wiki, na barua juu.

Kwa hiyo kwenye usaili wa kampuni ndogo uliza maswali mawili, kwa adabu. La kwanza: "Mzee, kazi yangu nani ataipitia, na kila baada ya muda gani?" La pili: "Hesabu za mwaka uliopita zilifungwa mwezi gani?" Ukijibiwa kwamba mkaguzi wa nje huja mara moja kwa mwaka, maana yake makosa yako yana miezi kumi na mbili ya kukua. Ukiambiwa hesabu za mwaka juzi bado, ujue utaingia kufukua makaburi. Utajifunza uvumilivu zaidi ya uhasibu.

Kwa bahati, kwenye ile kampuni ya asali iliyomwita binti alikuwepo mhasibu mstaafu aliyekuja siku mbili kwa wiki. Kwangu mimi hilo lilikuwa na thamani kuliko zile 157,800.

Hatua ya 4: Hesabu viti vya juu, na waliotoka kwenye kiti chako

Kupanda cheo kupime peke yake, usikuchanganye na kujifunza. Chora mchoro mdogo: kiti chako, kilicho juu yake, kilicho juu ya hicho, na mahali kilipo.

Kwenye kampuni ya kimataifa utapata ngazi zilizoandikwa, kila daraja na mshahara wake, na tathmini ya kila mwaka. Tatizo ni kwamba alama nzuri haikupandishi yenyewe. Lazima kiti kiwe wazi na bajeti yake iwe imepitishwa, na wanaopitisha hawako Tabora. Tawi lina viti vichache vya hesabu. Kinachofuata kipo Morogoro au Dar. Swali la kuuliza ni hili: "Katika miaka mitatu iliyopita, nani alianzia hapa Tabora akapandishwa?" Wakikutajia mtu, mtafute kwa simu. Wakianza kukueleza sera ya kampuni, jibu umeshapata. Jiulize pia kama uko tayari kuhama; asiyeweza kuondoka kwa sababu za nyumbani hiyo ngazi anaitazama tu.

Kwenye kampuni ya mzawa cheo huja haraka na mamlaka hayaji. Kipimo changu ni kimoja: nani ana saini benki? Ikiwa ni mzee, mkewe na kijana wao aliye chuoni, jina la "meneja wa fedha" litabaki kwenye kadi. Sisemi hiyo ni dhambi, mali ni ya kwao. Ila ujue dari lako liko wapi kabla hujaligonga.

Kote kuwili, tafuta watu wawili au watatu waliokalia kiti hicho kabla yako. Tabora ni mji mdogo, utawapata. Usiwaulize kama kampuni ni nzuri, kila aliyeachishwa atakwambia mbaya. Waulize walikwenda wapi baada ya pale, na kazi gani waliimudu siku ya kwanza huko kwa sababu ya pale. Binti yetu alipata wawili wa tumbaku, na wote walikuwa wakisubiri kuitwa msimu unaofuata. Wa asali alipata mmoja, aliyekuwa ameajiriwa hospitalini kwa cheo cha mhasibu kamili.

Hatua ya 5: Yaingize kwenye maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira, pamoja na kazi utakayofanya, mahali, muda na malipo. Kampuni kubwa watakuletea wenyewe. Kwa mzawa utaomba, na ukiomba vizuri hakuna ugomvi. Kumbuka pia kwamba kabla hujatimiza miezi sita, kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu, bila kujali ukubwa wa kampuni.

Binti alichagua asali. Alikwenda kwa mwenye kampuni na karatasi yenye mistari mitatu: mstaafu apitie kazi yake kila Ijumaa, kufikia mwezi wa nne wa kazi alinganishe benki peke yake, kufikia mwezi wa kumi na mbili wa kazi awe mmoja wa wenye saini kwa malipo yasiyozidi shilingi 500,000.

Mzee alisoma, akavua miwani. "Hili la tatu, binti yangu, tulizungumze ukishamaliza mwaka."

"Sawa mzee. Basi tuandike tarehe ya kulizungumza."

Wakaandika, wakasaini wote wawili. Mistari miwili ya kwanza imetimia. Tarehe ya ule wa tatu haijafika, na ameshaniambia kwamba wakimkatalia, fomu za msimu ujao wa tumbaku zitakuwa bado zinapokelewa. Safari hii ataomba nafasi ya msaidizi wa mhasibu, si ukarani.