Somo: Kadi ya alama yenye mizani, na kwa nini faida hutoa habari ikiwa imechelewa

Somo la leo linatoka kwenye kampuni ndogo ya kliaringi hapa Mombasa ambayo niliwahi kuiandikia vitabu. Jina silitaji, na hesabu nimezirahisisha ili tuzifuate kwa kichwa. Kila mwezi ilikuwa ikitoa makontena 40 bandarini, ada yake shilingi 12,000 kwa kontena. Hiyo ni shilingi 480,000. Mishahara, ofisi ya Moi Avenue na mengineyo yalikula 400,000, ikabaki faida ya 80,000.

Januari mwenye kampuni akaona faida ni ndogo. Karani mzoefu wa 70,000 akaachishwa, akaletwa kijana wa 30,000. Mafunzo ya makarani, yaliyokuwa yakigharimu kama 10,000 kwa mwezi, yakasimamishwa. Gharama zikashuka hadi 350,000, faida ikaruka hadi 130,000. Tajiri akafurahi, na kwa miezi mitano kila nilipompelekea hesabu alikuwa na haki ya kufurahi, maana karatasi haikuwa na kosa hata moja.

Juni mwagizaji mmoja wa vipuri vya magari, mwenye makontena 12 kwa mwezi, akahamia kwa wakala mwingine. Makontena 28 mara 12,000 ni 336,000. Gharama zimebaki 350,000, kwa sababu kodi ya ofisi na mishahara haipungui eti mteja kaondoka. Hasara 14,000.

Swali la somo ni hili: habari ya hasara ile ilikuwa wapi kati ya Januari na Juni? Ilikuwepo, ila haikuwa kwenye vitabu vya fedha. Ndilo jambo walilolishika Robert Kaplan, profesa wa Harvard, na David Norton, mshauri wa makampuni, walipochapisha kadi yao ya alama yenye mizani mwaka 1992, baada ya utafiti wa mwaka mzima na kampuni 12. Walisema hesabu za fedha zieleze yaliyokwisha kutendeka, na kando yake kampuni ipime pande nyingine tatu: mteja, shughuli za ndani, na kujifunza na kukua. Maofisini mtasikia ikiitwa balansid skokadi. Watu wa pwani tuna msemo wa zamani, usione vyaelea vimeundwa. Faida ndiyo chombo kinachoelea. Pande tatu nyingine ni kule kwenye mbao na misumari.

Sasa tuijenge kadi ya kampuni hii, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika faida inatarajiwa kutoka wapi

Msianze kwa vipimo. Anzeni kwa sentensi moja. Kwa kampuni yetu ni hii: faida yetu hutoka kwa waagizaji wanaorudi kila mwezi, si kwa wapita njia. Kampuni nyingine ya mtaa huohuo ingeweza kuandika kwamba faida yake hutoka kwa bei ya chini kuliko wote, na kadi yake ingekuwa tofauti kabisa. Ukinakili kadi ya jirani umenakili majibu ya mtihani usioufanya wewe.

Upande wa fedha basi tunaweka faida ya mwezi, na pia sehemu ya mapato inayotoka kwa wateja waliokuwepo mwaka uliopita.

Hatua ya 2: Mteja ananunua nini hasa?

Mwagizaji hanunui makaratasi, ananunua siku. Kontena likipitisha siku za bure, bandari inatoza hifadhi, ile tunayoiita stoeji, na kampuni ya meli nayo inatoza faini yake kwa kuchelewesha kontena. Zote zinamwangukia yeye. Kampuni ilikuwa imewaahidi wateja siku 6 tangu kontena kushushwa melini hadi kufika ghalani. Kipimo basi ni: kati ya makontena 40, mangapi yamefika ndani ya siku 6?

Hapa watu wengi huandika wastani, na wastani unadanganya. Kabla ya Januari, makontena 36 yalifika kwa wakati na 4 yakachelewa. Machi yalifika 27 na kuchelewa 13. Yaliyochelewa yaliongezeka zaidi ya mara tatu, lakini wastani ulitoka siku 5 hadi siku 6 tu, yaani bado ndani ya ahadi! Mwenye kampuni angeona wastani huo asingeshtuka. Mwenye vipuri, ambaye mengi ya yale 13 yalikuwa yake, alikuwa ameshashtuka zamani.

Hatua ya 3: Siku hizo zinapotelea wapi ndani ya ofisi?

Hii ndiyo hatua yenye nyama, na ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Kaa na makarani, fuata kontena moja lililochelewa tangu hati zilipopokelewa. Sisi tulipofanya hivyo, tuligundua siku hazikupotelea kwenye lori wala getini. Zilipotelea kwenye entri za forodha, yaani matamko ya mizigo tunayotuma forodha, zilizorudishwa na maswali.

Sababu yake ilikuwa vipuri. Kijana mgeni akiona vipuri vya gari anaviingiza vyote chini ya nambari ya HS 8708, ile ambayo forodha huitumia kupanga bidhaa kwa aina, kwa kuwa ndiyo ya sehemu za magari. Lakini plagi za injini zina mahali pake, 8511, na chujio la mafuta ya injini liko 8421. Yule mzee aliyeachishwa alikuwa akizijua kwa moyo. Entri ikirudishwa inasahihishwa, inangoja tena, siku mbili tatu zimekwenda.

Kipimo cha ndani: entri zilizopita mara ya kwanza bila kurudishwa kwa kosa letu. Maneno ya mwisho yana uzito. Kontena lililochaguliwa na forodha likaguliwe si kosa la karani, na ukilihesabu humo utakuwa unapima bahati. Andikeni maana ya kipimo kabla ya kuanza kuhesabu, ikiwa ni pamoja na nani anahesabu na kutoka daftari gani.

Kabla ya Januari zilikuwa zikirudi 3 kati ya 40. Februari zilirudi 9. Angalieni mwezi: Februari. Fedha zilikuja kusema Juni.

Hatua ya 4: Watu wetu wanajua nini?

Upande wa kujifunza ndio unaoharibiwa zaidi, kwa sababu watu huhesabu semina. Semina ni gharama, si ujuzi. Chukua karatasi, andika makarani upande mmoja na aina za mizigo juu: vipuri, vigae, nguo, vyakula. Tia alama pale karani anapoweza kumaliza entri peke yake bila kusimamiwa. Kisha soma kila safu kwenda chini. Safu ya vipuri kabla ya Januari ilikuwa na alama moja, ya yule mzee. Baada ya Januari ilikuwa tupu. Kipimo ni idadi ya aina za mizigo zenye makarani wawili au zaidi.

Karatasi hiyo ingeonyesha hatari siku ileile barua ya kumwachisha ilipoandikwa.

Hatua ya 5: Jaribu mnyororo

Mkishakuwa na vipimo vinne au vitano, msiviache vikae kama vikapu vinne vya sokoni. Vinapaswa kuvutana: ujuzi ukishuka, entri zirudi, entri zikirudi, siku ziongezeke, siku zikiongezeka, mteja aondoke, ndipo fedha ziumie. Kila baada ya miezi sita hivi, vipangeni kwa miezi mtazame kama kimoja kweli hutangulia kingine. Kama entri zilizorudi zimepanda na kushuka mara kadhaa na siku hazikuguswa, dhana yenu ina kasoro, pengine tatizo liko kwenye malori. Kipimo kisichowahi kutangulia chochote kifuteni.

Tahadhari moja: kwa entri 40, kutoka 3 kwenda 5 si habari, hutokea tu. Kutoka 3 kwenda 9 ni habari. Au 5, kisha 6, kisha 6, miezi mitatu mfululizo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina duka la vigae Changamwe, wafanyakazi watatu. Si kazi ya kampuni kubwa hii?*

Ndugu yangu, kwako karatasi moja yatosha. Kila upande kipimo kimoja. Naona kwako la mteja lingekuwa mafundi wanaorudi wakikuletea wateja wapya, na la ndani ni mara ngapi mtu ameondoka kwa kukosa vigae vya kukamilishia chumba. Hayo mawili unaweza kuyaandika nyuma ya daftari la mauzo.

*Shikamoo Mwalimu. Bosi wetu alitangaza bonasi kwa karani mwenye entri chache zilizorudi. Zimepungua kweli, lakini wateja wananung'unika zaidi. Mbona?*

Marahaba, binti yangu. Angalia muda kati ya kupokea hati na kutuma entri. Nina hakika kama sina hakika ya jingine kwamba umerefuka. Karani mwenye kuogopa kurudishiwa huikalia entri, anauliza huyu na yule, au mizigo migumu anamsukumia mwenzake. Kipimo kimependeza na siku zimepotea palepale. Ndiyo maana kipimo cha ndani hakisomwi peke yake, husomwa pamoja na kile cha mteja kinachokifuata. Na bonasi mwaka wa kwanza msiifunge humo kabisa. Ngojeni hadi mjue kipimo kina udhaifu gani.

*Lazima ziwe pande nne? Sisi tunaendesha zahanati ya jamii Likoni, faida hatutafuti.*

Si lazima. Waanzilishi wenyewe walisema nne ni kiolezo. Kwa taasisi kama yenu, kile mlichoanzishwa kukifanya kinapanda juu kabisa, na fedha zinashuka kuwa njia ya kukifikia au mpaka wa kutouvuka. Ila msiziondoe, dawa zikikosa kulipiwa hakuna zahanati.

*Yule tajiri alifanyaje mwishowe?*

Alimwita mzee arudi kwa siku mbili kila wiki, kazi yake kukaa na vijana kwenye vipuri. Kufikia Oktoba safu ya vipuri ilikuwa na alama mbili, na entri zilizorudi zilikuwa 4. Mwenye makontena 12 hajarudi. Nilimkuta Makupa mwaka jana, akaniambia hana ubaya na mtu, ila wakala wake wa sasa hajamlipisha stoeji hata mara moja.