Siri usiyoweza kuitaja

Unaandika kuhusu siri ya familia na huwezi kuitaja? Usiandike "nina siri nzito moyoni", msomaji hatahisi kitu. Andika kile ambacho siri inamlazimisha mtu kufanya. Mathalani: "Shangazi akiulizwa mtoto kafanana na nani, huinuka kwenda kuangalia chai, hata kama jiko limeshazimwa." Baba wa mtoto hatajwi, ila uzito upo. Mbele kidogo lirudie tendo hilo mara moja tu, safari hii limgharimu zaidi: anawaacha wakwe peke yao sebuleni. Na tafadhali, usichokoze kwa "siku moja mtajua"; msomaji ataacha kumtazama shangazi aanze kubahatisha jina. Mji na kazi ya shangazi vibadilishe tangu rasimu ya kwanza, maana ndugu nao husoma.