Somo: "Attendre" si kuhudhuria

Wengi wetu tulitangulia kusoma Kiingereza, na Kifaransa kikaja baadaye, kwa hiyo kila neno la Kifaransa lenye sura tunayoifahamu hulipa maana ya Kiingereza bila kufikiri. Mimi niliwahi kuandika "J'ai attendu la réunion", nikiamini nimesema kwamba nilihudhuria mkutano, kumbe nilikuwa nimesema kwamba niliusubiri.

Hatua ya kwanza ni kuandika maana daftarini kwa Kiswahili, wala si kwa Kiingereza. "Attendre" ni kusubiri, "assister à" ni kuhudhuria au kushuhudia, na "aider" ni kusaidia. Ukipitia Kiingereza, "attend" litakurudisha kwenye kuhudhuria na "assist" kwenye kusaidia.

Hatua ya pili ni kulifunga neno na mahali. Katika hospitali za nchi zinazotumia Kifaransa, chumba ambamo wagonjwa hukaa wakingoja kuitwa huandikwa "salle d'attente". Ukishaiona picha ya lile benchi akilini, "attendre" halitakupotea.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito: tazama kama kuna "à", ambayo mara nyingi hujificha ndani ya "au" na "aux". "J'ai assisté à un accident" maana yake nilishuhudia ajali, na anayekusikiliza hatajua kwamba uliwasaidia majeruhi mpaka useme "J'ai aidé les blessés". Asili yake ni Kilatini "assistere", yaani kusimama kando. Na aliyesimama kando anaweza kutazama, au anaweza kutoa msaada. Kifaransa kimebaki na maana zote mbili, ndiyo maana "assister un malade", bila "à", ni kumhudumia mgonjwa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, "actuellement" nalo linapotosha?

Ndiyo. Maana yake ni kwa sasa, ilhali "actually" ya Kiingereza ni kwa kweli, ambayo Kifaransa husema "en fait". Kumbuka kwamba taarifa ya habari huitwa "les actualités", kwa kuwa hueleza mambo ya sasa.

Na "librairie"?

Ni duka la vitabu. Maktaba ni "bibliothèque".

Mimi niko Bujumbura na nilianza na Kifaransa. Mtego wangu uko wapi?

Uko upande wa pili wa maneno yaleyale, ndugu yangu. Ukisema "I assisted at the meeting", Mwingereza ataelewa kwamba ulisaidia kuuendesha mkutano, kumbe ulikuwa umekaa tu ukisikiliza. Sema "I attended the meeting", bila kuweka kihusishi chochote baada ya kitenzi. Na unapomngoja mtu, mwambie "I am waiting for you", kwa sababu "I am attending you" haimwelezi kwamba unamsubiri.