Kupima kama sauti ya tanakali inabeba maana: jaribio unaloweza kulifanya lupangoni

Tukisema "nyeusi tititi" ao "lala fofofo", tunaona sauti yenyewe inachora jambo. Lakini sikio la mwenye lugha limekwisha kuzoea, haliwezi kuwa shahidi. Hapa Lubumbashi mimi hupima hivi.

1. Ondoa kitenzi. Tanakali ya Kiswahili haipokei viambishi, na aghalabu hufuata neno lake maalumu. Mtu akianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu. Ukimsomea msikilizaji sentensi nzima, "anguka" na "majini" vimeshamjibia swali, chubwi haijafanya kazi yoyote. Msomee neno peke yake.

2. Tumia lugha ya mbali. Anayesema Kiswahili, Kibemba na Kiluba akibahatisha tanakali ya Kibantu, huenda ni udugu wa lugha unaomsaidia. Mimi hutumia Kijapani: tsurutsuru ni laini ya kuteleza, zarazara ni ya kukwaruza. Mwenye lugha ayarekodi kwa sauti tulivu, maana akiyaigiza, utakuwa unapima uigizaji wake. Mwaka 2016 mwanaisimu Mark Dingemanse na wenzake waliwasikilizisha Waholanzi tanakali za lugha 5. Walipata zaidi kuliko kubahatisha tu, ila si kwa mbali, na maneno yanayoiga sauti ndiyo yaliyowaendea vizuri zaidi.

3. Chuja maneno yenye pacha kwetu. Hapa ndipo nilipoharibu jaribio langu la kwanza. Nilimchezea mama mmoja wa Kamalondo neno nurunuru, ambalo kwa Kijapani ni utelezi wa kunata, kama ngozi ya kambale. Nikamuuliza: "Mama, ni kitu chenye utelezi ao kinachong'aa?" Akajibu papo hapo: "Nuru si ni mwangaza, mwanangu?" Alikuwa anasoma Kiswahili chake ndani ya neno la watu. Barabara nalo ni mtego: kwa Kijapani ni vitu vilivyotawanyika ovyo. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, wasomee maneno yote watu 2 ao 3 ambao hawatashiriki, uwaulize kila neno linawakumbusha nini. Lenye jibu la haraka litoe.

4. Uliza, kisha hesabu. Maneno 16, kila moja na maana 2, ya kweli na kinyume chake. Badilisha mpangilio, ya kweli isitangulie kila mara. Asiyejua kitu atapata kama 8. Aliyepata 12, mpime katika R, programu ya takwimu:

```
binom.test(12, 16, 0.5, alternative = "greater")
```

Jibu ni p = 0.038, yaani bahati tupu hufika hapo ao kupita mara 4 hivi katika 100. Usijumlishe majibu ya watu 20 kana kwamba ni majaribio 320 yanayojitegemea: neno moja rahisi litawapandisha wote. Angalia neno kwa neno, ukitenga yanayoiga sauti na yanayoeleza mguso. Yakipita ya sauti peke yake, dai lako liishie kwenye hayo.