Nakala pana ndiyo iliyo karibu na chanzo

Ukitafuta video ilikoanzia, achana na maelezo yake. Hayo ndiyo hubadilishwa kwanza. Isimamishe penye kitu kisichosogea, kama kibao au paa la jengo, piga skrinshoti, kata maandishi yaliyobandikwa, kisha tafuta picha hiyo kwenye Google Lens na Yandex. Herufi zikisomeka kinyume, igeuze kwanza.

Ukipata nakala mbili, linganisha kingo. Inayoonyesha zaidi pembeni, au inayoanza sekunde kadhaa mapema, haikutokana na ile iliyokatwa, hata kama ilipakiwa baadaye. Ikiwa ilipakiwa baadaye, huenda kuna nakala ya zamani zaidi hujaiona. Tafuta tena kwa fremu hiyo pana. Ila kingo zenye ukungu usizihesabu, ni za kujazia tu.